Fonti za PDF kubadilika kwenye kompyuta ya mwingine, na maana ya kuembedi fonti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila wiki kutoka kwa watu wa steshenari, wanafunzi wanaokusanya ripoti, makatibu wa kamati za harusi na vijana wanaotengeneza mifumo ya ankara. Ukiwa na haraka ruka moja kwa moja hadi swali la 6 na la 8, hizo mbili zinamaliza shida za watu wengi.

## Mambo ya mwanzo

1. Si tuliambiwa PDF haibadiliki? Mbona nimefungua faili langu steshenari nikakuta maandishi mengine kabisa?

PDF inatunza mpangilio, hilo ni kweli, lakini herufi zenyewe ni habari nyingine. Ndani ya faili, maandishi yanakaa kama maagizo: chukua fonti yenye jina fulani, saizi 12, nenda sehemu hii ya ukurasa, andika "Kilimo". Umbo la ile K, yani mistari na mikunjo yake, haliko kwenye maagizo hayo, liko kwenye fonti. Sasa kama fonti imo ndani ya faili, programu inaichukua humo humo. Kama haimo inabaki na jina tu, basi inaenda kuitafuta kwenye kompyuta iliyofungulia, ikiikosa inaweka nyingine inayoona inakaribiana.

Kwa nini waliruhusu hivyo? Adobe walitoa PDF mwaka 1993, enzi za disketi na modemu, kila kilobaiti ilikuwa na hesabu yake. Wakakubaliana kuna fonti 14 ambazo kila programu ya kusoma PDF lazima iwe nazo au iwe na za kufanana nazo: Helvetica, Times na Courier (kila moja ya kawaida, nene, ya kulala, na nene ya kulala), halafu Symbol na ZapfDingbats. Hizo hazikuwa na haja ya kubebwa. Zilizobaki ilikuwa juu ya mtengenezaji kuamua abebe au asibebe, na uamuzi huo ndo unakusumbua mpaka leo.

2. Sasa kuembedi fonti ni kufanya nini hasa?

Ni kuchukua data ya fonti yenyewe, ile inayoeleza kila herufi inachorwaje, na kuipachika ndani ya faili la PDF. Haiingii kwenye kompyuta ya anayefungua wala hataiona kwenye orodha ya fonti za Word yake, inatumika kuonyesha faili hilo tu basi. Ndo maana unaweza kumtumia mtu kadi yenye mwandiko wa mapambo ambao hana, akauona vizuri, ila akitaka kuutumia kuandika kitu chake hawezi.

3. Kwangu inaonekana poa, kwa nini kwake isiwe poa?

Kwa sababu kwako fonti ipo, uliiinstoli au ilikuja na Windows au Office. Programu ikikosa fonti ndani ya faili inaichukua kwenye kompyuta yako kimya kimya bila kukuuliza, hivyo faili lenye fonti ndani na lisilonayo, kwako yanafanana kabisa. Kulifungua kwenye mashine uliyotengenezea sio kipimo. Namna ya kupima kweli iko swali la 7.

4. Kompyuta inaamuaje iweke fonti gani badala yake?

Hata kama fonti haikubebwa, faili huwa linabeba maelezo kidogo: jina, upana wa kila herufi, kama ina vijikia kwenye ncha kama Times au haina kama Arial, kama imelala, kama herufi zote zina upana mmoja. Programu inatumia hayo kubahatisha. Adobe Reader anazo fonti mbili maalumu za kazi hii, moja ya vijikia na moja isiyo navyo, zinazoweza kujipanua na kujibana zifuate upana uliotajwa, ndo maana saa nyingine fonti imebadilishwa na hata hujashtuka. Chrome nayo ina za kwake ndani. Kwenye Linux mara nyingi Helvetica inakuwa Nimbus Sans, na Arial inakuwa Liberation Sans, ambayo imetengenezwa makusudi iwe na upana ule ule wa Arial.

Fonti za mwandiko wa mkono ndo zinaumia zaidi maana kwenye yale maelezo hakuna pa kusema "huu mwandiko una mikia mirefu ya maua", kwa hio kadi ya harusi inatoka na herufi za barua ya ofisi.

5. Mbona herufi zingine zimebanana na zingine zimeachana, ila mistari imekatika pale pale?

Hii ndo alama kubwa ya fonti iliyobadilishwa kwenye PDF, na ukielewa sababu yake hutasumbuka tena. Kwenye faili la Word fonti ikikosekana, Word inapanga upya kila kitu, mistari inahama, ukurasa wa 3 unaingia wa 4. PDF haipangi upya. Kila mstari umeshafungwa pale ulipo, na kila herufi imeshapewa nafasi yake kwa upana wa fonti ya mwanzo. Fonti mgeni ikija lazima ikae kwenye viti vilivyopimwa kwa wenzake.

Chukua neno "kilimo". Upana wa herufi unapimwa kwa sehemu moja ya elfu ya saizi ya fonti. Kwenye Helvetica, k ni 500, kila i ni 222, l ni 222, m ni 833 na o ni 556, jumla 2555. Kwenye Times, k ni 500, i na l ni 278 kila moja, m ni 778, o ni 500, jumla 2612. Jumla zinakaribiana sana, neno zima linaenea karibu sehemu ile ile. Sasa angalia ndani: i ya Times inataka 278 ila imepewa 222, kwa hio "ili" inabanana, halafu m inataka 778 imepewa 833 na o inataka 500 imepewa 556, hapo panabaki mwanya. Neno linasomeka kama "kili m o". Ikiingia Courier, ambayo kila herufi ni 600, neno linataka 3600 kwenye nafasi ya 2555, hapo herufi zinapandiana kabisa isipokuwa programu iwe na akili ya kuziminya.

## Kujua kama fonti zimo

6. Nitajuaje kama PDF yangu ina fonti ndani?

Fungua kwa Adobe Reader kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+D, nenda tabo ya Fonts. Kila fonti ina jina lake na pembeni yake ama `(Embedded Subset)`, ama `(Embedded)`, ama hamna kitu. Ile isiyo na kitu ndo haimo. Ukifungua kialama cha pembeni utaona pia `Actual Font`, hiyo inakwambia hapo ulipo imewekwa fonti gani kiuhalisia. Kwa mfano kwenye Windows utakuta faili linasema Helvetica halafu `Actual Font` ni ArialMT, yani umekuwa ukisoma Arial siku zote.

Anayependa kuandika komandi, Linux wana `pdffonts` inayokuja na poppler. Hii hapa ni ripoti ya aina tunayoiona sana, imeandikwa kwa Calibri, majedwali kwa Times New Roman, ikasevuliwa kawaida tu kutoka Word:

```
name              type      encoding  emb sub uni object ID
----------------- --------- --------- --- --- --- ---------
BCDEEE+Calibri    TrueType  WinAnsi   yes yes no       5  0
Times New Roman   TrueType  WinAnsi   no  no  no       9  0
```

Angalia safu ya `emb`. Calibri ni `yes`, Times New Roman ni `no`. Yani maandishi ya kawaida yatakuwa salama popote, ila majedwali yote yanategemea bahati ya mashine itakayofungua. Wengi wanashangaa kwamba inayokosekana ni fonti ya kawaida kuliko zote, lakini ndo ilivyo, Word mara nyingi haizibebi Arial na Times New Roman kwa kudhani kila mtu anazo, na simu za Android kwa kawaida hazina.

Zile herufi 6 kubwa na alama ya kujumlisha mbele ya jina sio virusi wala kosa. Zinaonyesha imebebwa sehemu tu ya fonti, zile herufi zilizotumika kwenye waraka. Hilo lina madhara yake, soma swali la 13.

7. Kuna njia ya kuona faili litakavyokuwa kwa mtu asiye na fonti zangu, bila kuazima kompyuta?

Ipo na watu wachache wanaijua. Kwenye Adobe, ingia Preferences, sehemu ya Page Display, toa tiki kwenye `Use local fonts`. Sasa Adobe inaacha kuchukua fonti za kompyuta yako, fonti isiyobebwa inaonyeshwa kwa mbadala, na isiyowezekana kubadilishwa inageuka vidoti vyeusi. Fungua faili upya uliangalie lote, halafu rudisha tiki ukimaliza, usije ukapata wasiwasi na mafaili ya watu wengine wiki nzima.

## Kurekebisha

8. Kwenye Word nafanyaje ili fonti zote ziingie?

Unaposevu kama PDF usibonyeze Save haraka. Bonyeza Options, shuka chini, utakuta `PDF/A compliant` (kwenye Word za zamani imeandikwa `ISO 19005-1 compliant (PDF/A)`). Tiki hapo, OK, sevu. PDF/A ni aina ya PDF iliyowekewa kanuni mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza nyaraka miaka mingi, na moja ya masharti yake ni kwamba fonti zote zinazoonekana lazima ziwe ndani, zikiwemo zile 14 za swali la 1. Ile ripoti ya swali la 6 ukiisevu hivi, mstari wa Times New Roman unakuwa na herufi zake 6 mbele na `emb` inageuka `yes`. Majarida na vyuo vinavyorudisha kazi kwa kusema fonti hazijaembediwa, mara nyingi hii tiki moja inatosha.

LibreOffice inabeba fonti yenyewe bila kuombwa. Mac nayo ukiprinti kwenda PDF inabeba.

9. Mimi nilitiki "Embed fonts in the file" kwenye Word na bado tatizo liko pale pale.

Ile setingi, ya File, Options, Save, ni ya faili la Word lenyewe, la docx. Inasaidia ukimtumia mwenzako docx aendelee kuhariri. PDF ina mlango wake ambao ni ule wa swali la 8. Majina yanafanana kiasi kwamba sishangai watu wakichanganya.

10. Nina PDF tu, aliyetengeneza hapatikani na faili la mwanzo sina. Naweza kuembedi sasa?

Unaweza, kwa sharti moja: fonti yenyewe halisi iwe kwenye kompyuta unayofanyia kazi hiyo. Ghostscript ni ya bure na inafanya, kwenye Windows inaitwa hivi:

```
gswin64c -o mpya.pdf -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/prepress -sFONTPATH=C:/Windows/Fonts zamani.pdf
```

Inasoma faili, inatafuta fonti, inaandika PDF nyingine yenye fonti ndani. Mtego wake ni huu: ikikosa fonti haigomi, inaweka mbadala kisha inaupachika mbadala huo. Utaangalia Ctrl+D, utaona kila kitu kimeandikwa Embedded, utafurahi, kumbe umeshapigilia misumari ile ile fonti mbaya na sasa hata kompyuta yenye fonti halisi haitaweza kuokoa. Kwa hio soma ujumbe unaopita kwenye skrini, ukiona `Substituting font` simama hapo hapo utafute fonti kwanza. Na usiguse kwa njia hii faili lenye sahihi ya kidijitali, sahihi itavunjika.

Kama faili la mwanzo linaweza kupatikana kwa namna yoyote, hata kwa kumsumbua mtu simu usiku, tengeneza PDF upya kutoka kule. Ni bora mara kumi.

11. Je faili halitakuwa zito? Tovuti ya maombi ya kazi inakataa faili kubwa.

Ikibebwa sehemu ya fonti tu, yani herufi zilizotumika, kwa maandishi yetu ya Kiswahili ni makumi ya kilobaiti kwa kila fonti, hamna kitu. Ikibebwa nzima ndo inaanza kuhesabika, Arial nzima ya Windows ni karibu megabaiti 1, na Arial Unicode yenye herufi za lugha nyingi za dunia inapita megabaiti 20. Faili lako likiwa zito kwanza angalia picha, cheti kilichopigwa picha kwa simu ndo mkosaji karibu kila mara. Kutoa fonti ili kupunguza uzito wa CV ni kuokoa kidogo na kuharibu kingi.

## Kesi zenye utata

12. Kuna fonti moja inakataa kuembediwa, zingine zinakubali. Kwa nini?

Ndani ya fonti kuna namba aliyoweka mtengenezaji inayosema ruhusa. Kuna zinazoruhusu kila kitu, zinazoruhusu kutazama na kuprinti tu, zinazoruhusu mpaka kuhariri, na zilizozuia kabisa. Kwenye Windows fungua folda ya Fonts, ingia Properties ya fonti husika, tabo ya Details, soma `Font embeddability`. Ikisema Restricted, programu zenye adabu zitakataa kuibeba. Word ina tiki inayoitwa `Bitmap text when fonts may not be embedded`, hiyo inageuza maandishi hayo kuwa picha, yanaonekana sawa kwa mbali lakini ukikuza yanakuwa na kingo za mikwaruzo, na kuyatafuta au kuyakopi haiwezekani. Kadi ya mwaliko itakayoprintiwa kubwa itaaibika. Kwa kweli badilisha fonti, za bure zenye ruhusa kamili ziko nyingi.

13. Nimehariri PDF, nikabadilisha jina moja tu, herufi moja ikatoka tofauti na wenzake.

Hii inatokana na kubeba sehemu. Kadi iliandikwa "Familia ya Bwana na Bibi Juma", wewe unataka kuweka "Zainabu". Waraka wa mwanzo haukuwa na Z popote, kwa hio Z haikubebwa. "ainabu" inatoka kwa fonti nzuri ya mwanzo, Z inatafutwa kwenye kompyuta yako, haipo, inakuja ya fonti nyingine. Dawa ni kuwa na fonti yenyewe kwenye mashine, au urudi kwenye faili la mwanzo.

14. Aya ya Kiarabu juu ya kadi imekuwa viboksi vitupu, au imetoka herufi zisizoeleweka.

Tenganisha mambo mawili. Kama viboksi unaviona hata kwenye kompyuta uliyotengenezea, basi fonti uliyochagua haina herufi za Kiarabu, na kuembedi hakutasaidia, utakuwa umeembedi viboksi. Badilisha fonti kwanza.

Kama kwako ni sawa na kwa mwingine ni vurugu, fonti haikubebwa, na kwa Kiarabu adhabu yake ni kali kuliko kwa Kiswahili. Maandishi ya aina hii mara nyingi yanahifadhiwa kwa namba za maumbo ndani ya fonti ile ile, sio kwa majina ya herufi. Umbo namba 845 kwenye fonti yako inaweza kuwa herufi baa ikiwa katikati ya neno, kwenye fonti nyingine namba hiyo ni kitu kingine kabisa au haipo. Kwenye `pdffonts` utaona `Identity-H` chini ya encoding na `no` chini ya emb. Faili la hivyo usilipeleke kuprinti, na kwa aya za Kurani mpe mtu anayejua kusoma ahakiki nakala ya kwanza kabla hazijatoka 300.

15. Fonti zote zimo, zinaonekana vizuri, ila nikikopi maandishi natoa takataka.

Hilo ni tatizo jirani, sio hili. Umbo la herufi limebebwa ila jedwali la kusema "umbo hili ndo herufi a" halikubebwa, ndo ile safu ya `uni` kwenye swali la 6. `no` pale sio lazima iwe shida, kwa herufi za kawaida zenye WinAnsi kukopi kunafanya kazi. Ikiwa `no` pamoja na encoding ya Identity-H au Custom ndo unapata takataka.

16. Mfumo wetu wa ankara umeandikwa kwa PHP, tumeweka Arial, wateja wanasema kila mmoja anaona kitu tofauti.

Kama mnatumia FPDF, ukiandika Arial inachukuliwa kama Helvetica, na Helvetica ni moja ya zile 14, FPDF haiibebi. Mteja wa Windows anaona Arial, wa Linux anaona Nimbus Sans, wa simu anaona iliyopo. Kwa ankara ya kawaida wala haina madhara maana upana unalingana. Ikiwa muonekano ni muhimu, tengeneza faili la fonti kwa zana ya MakeFont inayokuja na FPDF, kisha:

```
$pdf->AddFont('Lato','','Lato-Regular.php');
$pdf->SetFont('Lato','',11);
```

Fungua ankara mpya, Ctrl+D, Lato iwe imeandikwa Embedded pembeni. Usisahau kuongeza na ile nene kama jumla mnaiandika kwa herufi nene, FPDF inahesabu hiyo kama fonti nyingine na itakupa kosa.

17. Mtu wa kuprinti ameniambia nigeuze maandishi yawe mistari. Ni sawa na kuembedi?

Hapana. Kugeuza kuwa mistari kunafuta maandishi na kubakiza michoro ya herufi, hakuna fonti tena kwa hio hakuna cha kukosekana. Kwa bango, nembo au kadi inakubalika. Kwa ripoti au CV usifanye, mtu hawezi kutafuta neno wala kukopi namba ya simu, na herufi ndogo zinaweza kuonekana nene kidogo kwenye skrini. Ukigeuza, baki na nakala yenye maandishi ya kweli, maana bwana harusi akibadilisha ukumbi siku mbili kabla hutaweza kuhariri ile ya michoro.